Mwongozo wa Mvivu wa Kulipata Tundu la Paa

Doa limetokea kwenye dari ya sebule, juu kabisa ya kochi la wageni, na wewe unataka mambo mawili. Kwanza, mvua ijayo ipite bila sufuria sakafuni. Pili, usipande paa kabisa, au ukilazimika upande mara moja tu, huku majirani wakikuona unajua unachokifanya. Yote mawili yanawezekana. Sogea karibu nikupe njia za mkato.

Naongea na mwenye nyumba ya kawaida ya kwetu: bati la migongo juu, kenchi za mbao chini yake, papi zimepigwa kukatisha kenchi ili bati lipate pa kushikia, halafu dari ya jipsamu. Nyumba ya namna hii ina tabia moja inayokula fedha za watu kila masika. Doa huonekana hapa, tundu liko kule, na fundi huziba pale palipo juu ya doa. Mvua inarudi, doa linarudi, fundi naye anarudi kuomba nauli.

Hatua ya kwanza: usipande paa bado. Chukua penseli.

Panda juu ya stuli, chora mstari kufuata ukingo wa doa, kisha andika tarehe pembeni. Kazi imeisha kwa leo. Mvua ikinyesha tena, angalia kama unyevu umevuka mstari. Ukivuka, bado kunavuja. Usipovuka, huenda unahangaika na doa la zamani ambalo chanzo chake kilishazibwa, nawe utakuwa umeokoa gharama ya fundi kwa penseli tu.

Litazame doa lenyewe pia. Maji hubeba vumbi na rangi ya mbao, na yanapokauka huviacha ukingoni, ndiyo maana doa huwa na pete ya kahawia. Pete moja maana yake ni kwamba dari ililowa mara moja na kukauka. Pete nyingi, moja ndani ya nyingine, ni ishara kwamba maji yamekuwa yakija na kuondoka kwa muda mrefu.

Sasa andika jambo la pili: doa hulowa wakati gani? Likilowa siku ambayo haikunyesha, achana na bati. Tafuta bomba la tangi, maji ya kiyoyozi, au, kama unaishi kwenye baridi ya Njombe au Mbeya, umande unaojikusanya chini ya bati usiku na kudondoka asubuhi. Likilowa hata kwa manyunyu, maji yana mlango wa wazi: tundu la msumari, bati lililooza, au bomba la choo lililotokeza paani. Likilowa tu mvua inapokuja na upepo, maji yanasukumwa kuingia kwenye maungio ya mabati au chini ya kofia. Na likilowa tu baada ya mvua kubwa ya muda mrefu, shuku gata iliyoziba au lile bonde ambapo mapaa mawili yanakutana, kwa sababu hapo maji hujaa kwanza, kisha hufurika kuingia ndani.

Umekaa kwenye kochi na tayari umepunguza washukiwa. Mafundi wengi hawafiki hapo.

Hatua ya pili: zima umeme, kisha toboa.

Kama dari imevimba, usisubiri ipasuke yenyewe. Bodi ya jipsamu hunywa maji, huwa nzito na laini, na ikianguka huanguka kipande kizima juu ya kochi ulilokuwa unalilinda. Zima umeme kwenye swichi kuu, hasa kama taa iko karibu, maana maji hupenda kushuka kwa kufuata waya. Weka ndoo chini, kisha toboa katikati ya uvimbe kwa bisibisi nyembamba. Maji yatashuka kwa utaratibu, na kitundu kidogo ni rahisi kukiziba kuliko kununua bodi nzima.

Kitundu hicho kina faida nyingine. Ukipanda darini baadaye, utakiona kutoka juu, na utajua kwa hakika doa liko wapi bila kupiga hesabu za kuta.

Hatua ya tatu: kariri kanuni moja, usahau nyingine zote.

Maji yakishapita bati hayadondoki papo hapo. Hung'ang'ania chini ya bati, huteremka nalo, hukuta papi, huambaa na papi kwenda pembeni, hukuta kenchi, huteremka na kenchi, na hudondoka pale tu yanapokuta kizuizi: kiungo cha mbao, kichwa cha msumari, ukingo ulionyofoka. Yakishafika juu ya dari hutafuta sehemu iliyobonyea au kiungo cha bodi mbili, na hapo ndipo wewe huyaona kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo kanuni ni hii: tundu liko upande wa juu wa doa, kuelekea kofia, na linaweza kuwa limesogea pembeni. Usipoteze hata dakika moja kutafuta upande wa chini. Yanayoweza kukudanganya ni mawili tu: maji yanayorudi nyuma kutoka kwenye gata iliyoziba, na mvua ya upepo inayoingia kwenye ukuta wa pembetatu ulio mwisho wa paa. Yote mawili hutia doa karibu na ukuta wa nje. Kama doa lako liko katikati ya sebule, tazama juu na uende juu.

Hatua ya nne: ingia darini saa tatu asubuhi.

Saa tatu, wala si saa saba. Saa saba bati la geji 30 lililopigwa na jua la Dar es Salaam litakufukuza kabla hujaona kitu. Saa tatu jua limeshawaka vya kutosha kukusaidia, na wewe bado unapumua.

Kanyaga mbao tu. Jipsamu ya milimita 9 haibebi mtu, na hakuna aibu inayozidi mguu wako kuning'inia sebuleni mbele ya shemeji. Pitisha ubao mpana juu ya mbao za chini za kenchi, na utembee juu ya ubao huo.

Ukishafika, zima tochi. Kaa gizani mpaka macho yazoee, kisha tazama juu. Kila tundu lililonyooka litang'aa kama nyota. Hesabu nyota zilizo upande wa juu wa doa. Lakini usishangilie mapema: maungio ya mabati hayapitishi mwanga hata kama yanapitisha maji, na baadhi ya nyota ni nyufa za pembeni ambazo mvua haizifikii. Mwanga unakupa washukiwa. Mwenye hatia utampata kwenye mbao.

Washa tochi, ilaze karibu na mbao ili mwanga uende kwa ubavu. Sasa vumbi ndilo shahidi wako. Dari ya nyumba ya kwetu ina vumbi la miaka, na maji yanapopita huliosha na kuacha njia. Utaona mchirizi mweusi kwenye ubao, au mstari safi katikati ya vumbi, au alama nyeupe kama chumvi, au msumari ulioshika kutu wakati wenzake bado wanameta. Anzia kwenye kitundu ulichotoboa, tafuta ubao ulio juu yake wenye mchirizi, na panda na mchirizi huo. Usiruke kipande. Ukifika mahali ambapo mchirizi umekwisha na mbao zote za juu ni kavu na zina vumbi lake, simama hapo. Bati lililo juu ya kichwa chako ndilo linalohusika.

Hatua ya tano: tazama inavyokwenda kwenye nyumba moja.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, paa la pande mbili, kofia ikiwa katikati. Doa liko sebuleni, mita moja na nusu kutoka ukuta wa mbele. Bati lililo juu yake limeshapakwa silikoni misumari yote, na bado linavuja. Mwenye nyumba amechoka, na ameshaambiwa kwamba dawa ni kubadilisha paa lote.

Darini, juu ya doa, kuna kenchi. Ubao wake wa mshazari una mchirizi mweusi unaoishia kwenye kiungo, pale ubao wa kusimama ulipopigiliwa. Hapo ndipo maji yanapodondoka. Fuata mchirizi kupanda kuelekea kofia. Mita mbili hivi juu, mchirizi unaiacha kenchi na kuingia kwenye papi. Papi imepinda kidogo kuelekea kenchi hii, kwa hiyo maji yameambaa nayo. Fuata papi pembeni: karibu mita moja, msumari mmoja una kutu na ubao uliouzunguka ni mweusi. Kutoka doa hadi msumari huo ni mita mbili hivi kwenda juu, na mita moja kwenda kushoto. Silikoni yote iliyopakwa iko mbali kabisa na tundu.

Kwa nini msumari huo? Ulipigwa kwenye bonde la bati, si kwenye mgongo. Bonde ndiyo njia ya maji, mgongo hukaa juu ya maji. Kisha jua likafanya kazi yake. Bati la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka kwa milimita moja na nusu hivi, na jioni hurudi. Kila siku linausukasuka msumari, tundu linapanuka, mpira wa kichwani unakauka na kupasuka. Mwaka wa kwanza hapakuvuja. Tundu lilikuwa likitengenezwa polepole.

Zingatia pia kilichotokea kwenye silikoni ya zamani. Haikuziba tundu, lakini ingeweza kuharibu zaidi. Mtu akiziba kwa ndani pale maji yanapodondokea, maji huendelea na safari mpaka kiungo kinachofuata, na doa jipya hutokea chumbani. Na mtu akiziba mdomo wa chini wa maungio ya mabati, maji yaliyoingia katikati hukosa pa kutokea, nayo hutafuta njia ya kuingia ndani. Maungio yanatakiwa yatoe maji kwa chini.

Hatua ya sita: kama mbao hazisemi, nyesha mvua yako mwenyewe.

Kuna nyumba mpya zisizo na vumbi, na kuna dari zisizo na mlango. Hapo usisubiri masika. Tafuta mpira wa bustani na kijana mwepesi asiyeogopa kimo, kisha wewe chukua nafasi ya heshima: ndani, na tochi. Kama maji ya bomba hayana nguvu, ndoo na kopo vinatosha.

Siri iko kwenye mpangilio. Anzeni chini, karibu na gata, mkipanda kidogo kidogo. Mkianza juu, maji yatateremka na kulowesha kila tundu lililo chini, na hamtajua ni lipi linalovujisha. Kipeni kila kipande kama dakika 10 kabla ya kusogea, kwa kuwa maji yana safari ndefu ndani kabla ya kudondoka. Yaacheni yatiririke kama mvua inavyotiririka. Usimruhusu kijana aelekeze mpira kwenda juu chini ya maungio, kwani hakuna mvua inayonyesha hivyo, na atakutengenezea uvujaji ambao haukuwepo.

Utakaposikia tone au kuona ubao unalowa, piga kelele: "Hapo hapo! Usisogee!" Kijana aweke alama ya chaki pale alipomwagia. Tundu liko kwenye kipande hicho, maana vilivyo chini yake vimeshalowa na havikuvuja.

Kabla ya yote hayo, usimpandishe mtu kwenye bati lililolowa bila viatu vya soli ya mpira, wala wakati wa radi. Akanyage mistari ya misumari, kwa kuwa chini yake kuna papi. Katikati ya papi bati hubonyea, na bati lililobonyea hufungua maungio mapya. Kipande alichokilowesha kiwe chini yake daima, asikikanyage.

Hatua ya saba: hamisha tundu kutoka ndani kwenda nje bila futi.

Umelipata tundu ukiwa darini, sasa fundi aliyeko juu atalijuaje? Vunja njiti moja ya ufagio wa chelewa uipenyeze kwenye tundu kutoka chini. Itatokeza juu ya bati, naye ataiona akiwa kwenye ngazi.

Kama tundu halipitishi njiti, hesabu. Misumari unayoiona nje imepangwa kwa mistari, na kila mstari ni papi. Darini sema, "papi ya tatu kutoka kofia, kati ya kenchi ya nne na ya tano kutoka ukuta wa mashariki." Nje fundi atahesabu mistari mitatu ya misumari kutoka kofia. Kwa upande wa kenchi, gonga bati kwa chini pale pale, naye afuate mlio. Umetumia maneno ya fundi, na kuanzia hapo atakuheshimu hata kwenye bei.

Hatua ya nane: mwachie fundi sifa, wewe chukua uamuzi.

Fundi ana fahari yake, nawe una yako. Usimwambie, "Mwenzako aliharibu." Mwambie, "Fundi, habari za kazi? Nimeona kutu kwenye msumari ule wenye njiti. Wewe unaonaje?" Atatazama, atatikisa kichwa, na atakueleza kana kwamba amegundua yeye. Mwache agundue.

Lakini akifika kwenye dawa, shikilia haya. Msumari ulio kwenye bonde ung'olewe na usirudishwe tundu lile lile. Tundu la bondeni lisafishwe kwa brashi ya waya na kukaushwa, lifunikwe kwa kipande cha tepe ya lami kilichokandamizwa vizuri, na skrubu mpya yenye mpira ipigwe kwenye mgongo wa pembeni mpaka ishike papi. Ikazwe kiasi cha mpira kubana, si kiasi cha kubonyeza bati. Silikoni ikipakwa juu ya kutu na vumbi hubanduka. Fundi akitaka kupaka bila kusafisha, mpe brashi.

Kama uvujaji uko kwenye maungio ya mwisho wa bati, pima bati la juu limelalia la chini kwa kiasi gani. Chini ya sentimita 15, upepo utasukuma maji ndani kila mara, na hakuna gundi itakayodumu. Hapo bati lisogezwe, au paongezwe kipande.

Ni wakati gani wa kukubali kwamba paa lote libadilishwe? Ukiwa darini na taa imezimwa, kama nyota zimetapakaa kila upande, na ukisugua bati kwa kidole kutu inatoka kwa maganda, fundi amesema kweli. Nyota tatu nne kwenye bati lililo imara ni kazi ya skrubu.

Hatua ya tisa: sasa lifiche doa kwa heshima.

Najua ulitaka kuanzia hapa. Wageni wanakuja Jumamosi, na rangi iko stoo. Subiri. Ukipaka leo, utafunika mstari wako wa penseli, ambao ndio mlinzi pekee uliyenaye. Acha mvua mbili kubwa zipite, na angalau moja iwe ya upepo, ndipo uamini kwamba pamezibwa. Kama wageni hawawezi kusubiri, sogeza kochi.

Mstari ukibaki mkavu baada ya mvua hizo, gusa dari kwa kiganja. Ikiwa ngumu na haina ubaridi wa unyevu, imekauka. Ikiwa laini au karatasi yake imebanduka, kata kipande hicho na uweke kingine, kwa sababu jipsamu iliyooza hairudi kuwa ngumu.

Ziba kitundu kwa unga wa jipsamu, piga msasa, kisha paka doa kwanza kwa rangi ya mafuta. Ukianza na rangi ya maji, ile pete ya kahawia itayeyuka na kupenya juu tena ndani ya siku chache, na utamlaumu fundi asiye na kosa. Rangi ya mafuta huifungia chini. Ikikauka, paka rangi ya maji ya dari, na upake bodi nzima kutoka kiungo hadi kiungo, maana kiraka cheupe katikati ya dari ya miaka mitano humwambia kila mgeni kilichotokea.

Mwisho, chukua penseli ile ile, rudi darini, na uandike kwenye kenchi iliyo karibu na mlango wa dari: papi ya ngapi, kenchi ya ngapi, msumari au maungio, na mwaka. Misumari ya paa moja hupigwa na mkono mmoja, siku zile zile, kwa mtindo ule ule. Aliyepiga mmoja kwenye bonde amepiga na mingine, na jua linaendelea kuisukasuka. Doa la pili likitokea, utaanza na mstari ule ule wa misumari, na huenda usifike hata nusu ya hatua hizi.